Compton, fotoelektriki au jozi: fotoni ikigonga mada, ni upi unaotawala?

Chukua bamba la risasi lenye unene wa milimita 1 na ulipige fotoni 1000 za nishati moja, zote zikija kwa mstari mwembamba ulionyooka. Za 60 keV zitapita kama 3 tu. Za 80 keV zitapita kama 64, na hapo unaona ni sawa, kwa kuwa nishati imepanda. Lakini panda hadi 100 keV na zitapita 2. Fika 662 keV, zinapita 883. Fika 6 MeV, zinapita 951, karibu sawasawa na zile za 3.5 MeV, ambazo hupita 953.

Mfululizo huo unapanda, unashuka, unapanda tena, kisha unagota. Ukitaka kuuelewa kwa kanuni moja utashindwa, maana ndani yake mna michakato mitatu tofauti inayopokezana: ufyonzwaji wa fotoelektriki, mtawanyiko wa Compton na uzalishaji wa jozi. Anayechagua kinga, kigunduzi au nishati ya kupigia picha, kwa kweli anachagua ni upi kati ya hiyo mitatu afanye nao kazi. Wengi wanaokosea huwa wanajua upi unatawala. Wanachosahau kuuliza ni kinachobaki baada yake.

Kinachotokea na kinachobaki

Katika ufyonzwaji wa fotoelektriki fotoni inamezwa nzima na atomu. Elektroni ya ganda la ndani inatoka na nishati yote ya fotoni, ukitoa ile iliyotumika kuing'oa. Nafasi iliyoachwa wazi inajazwa na elektroni ya ganda la juu, na tofauti ya nishati inatoka kama eksirei au kama elektroni nyingine. Kwenye maji eksirei hiyo ni dhaifu mno, kama nusu keV kwa oksijeni, na inaishia palepale. Kwenye risasi ni ya karibu 75 keV, na hiyo ina miguu ya kutembea. Tutakutana nayo tena.

Katika mtawanyiko wa Compton fotoni inagonga elektroni ambayo, kwa nishati hizi, ni kama haijafungwa popote. Inampa elektroni sehemu ya nishati na yenyewe inaendelea na safari kwa upande mwingine ikiwa imepungua. Arthur Compton alilionyesha hili mwaka 1923, na hesabu yake ni fupi:

```
E' = E / (1 + (E/511) · (1 − cos θ))      E na E' kwa keV
```

Ukiweka 662 keV na pembe ya 90°, fotoni inabaki na 288 keV. Ikirudi nyuma kabisa, 180°, inabaki na 184 keV. Jambo la kushika hapa ni kwamba fotoni haijafa. Imebadilisha njia na nishati, lakini bado iko kazini.

Uzalishaji wa jozi unahitaji angalau 1.022 MeV, yaani mara mbili ya 511 keV. Karibu na kiini cha atomu fotoni inatoweka na mahali pake panatokea elektroni na positroni, zikigawana nishati iliyozidi kizingiti. Positroni ikishapunguza mwendo inakutana na elektroni, zote mbili zinaangamia, na fotoni mbili za 511 keV zinatoka zikipeana mgongo. Kwa hiyo fotoni ya 6 MeV inaacha kama 4.98 MeV kwenye mwendo wa chembe hizo, na inaacha vilevile fotoni mbili ambazo lazima uzitafutie dawa.

Kuna wa nne, mtawanyiko wa Rayleigh, ambapo fotoni inapinda bila kupoteza nishati. Kwenye maji kwa 30 keV unachangia zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi. Kwa uchaguzi tunaouzungumzia hapa hauamui kitu, basi tuuache.

Nishati na namba atomia

Kwa kila gramu ya mada, michakato hii inafuata takriban hivi, Z ikiwa namba atomia na A uzito wa atomu:

```
fotoelektriki:   Z³ / E³
Compton:         Z / A     (hushuka polepole E ikipanda)
jozi:            Z         (E > 1022 keV, hupanda na E)
```

Mstari wa kwanza ni mkali pande zote mbili. Ukiongeza nishati mara mbili, ufyonzwaji unashuka mara nane hivi. Ukitoka kwenye maji kwenda kwenye risasi, unapanda zaidi ya mara elfu. Mstari wa pili hauna ukali wowote: Z/A ni karibu nusu kwa takriban kila kitu. Kwenye maji ni 0.555, na kwenye risasi ni 0.396. Ndiyo, risasi ina elektroni chache kwa gramu kuliko maji, kwa kuwa viini vizito vimejaa nyutroni na kwa kuwa hidrojeni ya maji haina nyutroni hata moja. Mtu akikuambia risasi ni kinga bora kwa sababu ina elektroni nyingi, muulize: kwa gramu au kwa sentimita?

Kanuni ya Z³/E³ ina pengo moja linaloeleza kituko cha mwanzo. Ili kung'oa elektroni ya ganda K la risasi unahitaji 88 keV. Fotoni ya 80 keV haiwezi, kwa hiyo inafanya kazi na maganda ya nje pekee, na ufifishaji wake, yaani uwezo wa kila gramu ya mada kuondoa fotoni kwenye mstari, ni sentimita mraba 2.42 kwa gramu. Ukivuka 88 keV mlango wa ganda K unafunguka, na thamani inaruka ghafla kutoka 1.91 hadi 7.68. Kwa 100 keV bado ni 5.55. Ndiyo maana za 80 keV zilipita 64 na za 100 keV zikapita 2. Bati, ambalo ukingo wake wa K uko 29 keV, linaizidi risasi kwa gramu katika eneo lote kati ya 29 na 88 keV, na ndiyo sababu linatumika katika aproni zisizo na risasi. Nje ya eneo hilo faida hiyo inayeyuka.

Hapa chini kuna nishati ambazo michakato miwili hulingana. Chini ya namba ya kwanza inatawala fotoelektriki, juu ya namba ya pili yanatawala majozi, na katikati ni Compton.

| Mada | Z | Fotoelektriki = Compton | Compton = jozi |
|---|---|---|---|
| Maji, tishu laini | kama 7.4 | karibu 30 keV | karibu 25 MeV |
| Alumini | 13 | karibu 50 keV | karibu 15 MeV |
| Chuma | 26 | karibu 120 keV | 9 hadi 10 MeV |
| Risasi | 82 | 500 hadi 600 keV | karibu 5 MeV |

Hiyo 7.4 ya maji ni Z ya kukadiria kwa ajili ya fotoelektriki peke yake. Usiibebe kwenye hesabu ya jozi.

Jedwali hili linasomwa vibaya kwa namna mbili. Ya kwanza ni kudhani kwamba mpaka ni ukuta. Kwenye mpaka michakato miwili iko sawa kwa sawa, na mmoja hufifia pole pole. Fotoni za 662 keV kwenye risasi ziko upande wa Compton, lakini hesabu inatoa kama asilimia 55 Compton na asilimia 41 fotoelektriki. Huo si utawala wa kusahau mshindani. Namna ya pili ni kudhani kwamba jozi huanza kutawala pale zinapowezekana. Kizingiti ni 1.022 MeV, lakini kwenye maji kwa 6 MeV majozi bado ni asilimia 12 hivi, na Compton ndiyo iliyobaki karibu yote. Hata kwa 20 MeV Compton bado ina nusu iliyo kubwa kidogo.

Ukitaka thamani zilizo sahihi kwa mada na nishati yako, programu ya XCOM ya NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, inatoa kila mchakato kivyake. Kanuni za vipeo hapo juu ni za kukagua kwa jicho kama jibu linaeleweka.

Risasi na maji mbele ya sesiamu-137

Tuchukue chanzo cha sesiamu-137, fotoni za 662 keV, na tuulize: sentimita ngapi za risasi zinalingana na sentimita ngapi za maji?

Kwa nishati hii ufifishaji wa risasi ni 0.110 kwa gramu. Ukizidisha kwa msongamano wa 11.35 unapata 1.25 kwa kila sentimita. Maji ni 0.0862 kwa kila sentimita. Tuchague unene utakaofanya zao la ufifishaji na unene liwe 2 kamili pande zote mbili: risasi sentimita 1.6, maji sentimita 23.2. Kwenye mstari mwembamba vyote viwili vitapitisha asilimia 13.5 ya fotoni bila kuguswa.

Pima uzito kabla ya kuendelea. Kila sentimita mraba ya ukuta wa risasi ina gramu 18.2, na ya ukuta wa maji ina gramu 23.2. Tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyotarajia. Kwa 1 MeV ingekuwa imekwisha kabisa: maji 0.0707 kwa gramu, risasi 0.0710. Risasi ina elektroni chache za Compton, lakini mabaki ya fotoelektriki yanaifidia, na kwa nishati hiyo hesabu inakutana karibu nukta kwa nukta. Linganisha na 60 keV, ambapo ni 0.206 dhidi ya 5.02, na utaona ni wapi risasi inastahili sifa zake.

Basi asilimia 13.5 kwa 13.5, uzito wakaribiana, kuta zinalingana? Weka kipimo cha dozi nyuma ya kila moja, chanzo kikiwa wazi na boriti ikiwa pana. Nyuma ya risasi utasoma kama asilimia 20 ya dozi ya awali. Nyuma ya maji utasoma kama asilimia 60.

Pengo hilo lote linatokana na kinachobaki. Ifuate fotoni moja iliyotawanyika kwa 90°, sasa ina 288 keV. Ndani ya risasi imeangukia eneo la fotoelektriki: unene unaoipunguza kwa nusu ni milimita 1.4 tu. Ikiwa ilirudi nyuma na kubaki na 184 keV, unene huo ni nusu milimita. Haina pa kwenda. Ndani ya maji, fotoni hiyohiyo ya 288 keV inahitaji karibu sentimita 6 ili ipungue kwa nusu, na kinachoipunguza ni Compton nyingine, inayozaa fotoni nyingine iliyolegea. Inagonga mara ya tatu, ya nne, ya tano, hadi ishuke kwenye 30 keV ambako fotoelektriki ya maji inaweza hatimaye kuimeza. Wakati huo nyingi zimeshatoka upande wa pili.

Kiasi ambacho dozi halisi inazidi ile ya mstari mwembamba huitwa kizidishi cha mrundikano. Kwa mfano huu ni kama 1.5 kwa risasi na kama 4.5 kwa maji, na kinakua kadiri ukuta unavyonenepa. Anayeweka tangi la maji kwa kutumia hesabu ya mstari mwembamba anajipunguzia dozi mara nne na nusu kwenye karatasi peke yake. Dalili yake ni rahisi kuijua: ukipima kupitia tundu jembamba la risasi kipimo kinakubaliana na hesabu, ukiondoa tundu kinaruka. Kikiruka hivyo, usianze kukishuku kifaa.

Mpangilio wa tabaka nao unatoka hapahapa. Ukiwa na maji au zege pamoja na risasi kidogo, weka risasi upande wa nje, mbali na chanzo. Mada nyepesi inapunguza nishati ya fotoni kwa Compton, na risasi inazipokea zikiwa tayari zimeshuka mahali inapozimeza. Ukiigeuza, risasi inakutana na fotoni kali ambazo haina faida kubwa nazo kwa gramu, kisha maji yanazitawanya hadi nje bila mtu wa kuzikamata.

Michakato hiyo kwenye skrini

Hakuna mahali michakato hii inaonekana waziwazi kama kwenye spektra ya kigunduzi. Weka chanzo kilekile cha sesiamu-137 mbele ya fuwele ya NaI iliyo ndani ya ngome ya risasi, kusanya kwa dakika chache, kisha soma kutoka kulia kwenda kushoto.

Kilele cha 662 keV ni fotoni zilizoacha nishati yote ndani ya fuwele. Wengi hukiita kilele cha fotoelektriki, na jina hilo linapotosha kidogo. Nyingi kati ya fotoni hizo zilianza kwa Compton, zikatawanyika ndani ya fuwele, halafu mabaki yakamezwa kwa fotoelektriki. Kifaa kinajumlisha yote kwa kuwa kwake yametokea kwa wakati mmoja. Kwa hiyo fuwele kubwa hukuza kilele hicho hata kama mada ni ileile. Fuwele ndogo huacha fotoni zilizotawanyika zitoroke.

Zilizotoroka zinaonekana kama uwanda mrefu unaoishia kwenye ukingo wa 478 keV. Hiyo ni nishati kubwa kabisa ambayo elektroni inaweza kupewa na Compton moja: 662 kutoa 184. Kati ya 478 na 662 pana bonde, na kina cha bonde hilo kinakuambia ubora wa kigunduzi upesi kuliko vipimo vingi.

Kisha kuna kifundo kipana karibu na 184 keV. Hizi ni fotoni zilizopita, zikagonga ukuta au meza au ngome, zikarudishwa nyuma na kumezwa na fuwele. Hapa ndipo makosa mengi hutokea, kwa kuwa radi-226 na urani-235 zina mistari yao karibu na 186 keV. Programu ya kutambua nuklidi inaweza kuandika urani bila kusita. Jinsi ya kutenganisha: kifundo cha kurudi nyuma ni kipana na hakilingani pande zote, kwa sababu kimetokana na pembe nyingi, si moja tu. Sogeza kigunduzi mbali na ukuta, au badilisha mada iliyo nyuma ya chanzo, na kifundo kitabadilika ukubwa huku kilele cha 662 kikifuata umbali tu. Mstari halisi wa nuklidi haujali kuta. Tena, kifundo hiki hakivuki 255.5 keV kwa chanzo chochote, hata ukipandisha nishati kiasi gani: kwa kobalti-60, ambayo fotoni zake ni 1173 na 1332 keV, kinakaa karibu na 210 keV.

Karibu na 75 keV kuna kilele kingine, na hiki ni ile eksirei ya risasi niliyoitaja. Ngome inameza fotoni kwa fotoelektriki, ganda K linaachwa wazi, na eksirei inatoka. Kwa kuwa 75 keV iko chini ya ukingo wa 88, risasi inaipitisha kwa urahisi kuliko inavyopitisha 100 keV. Kinga imejizalishia mionzi ambayo yenyewe haiimezi vizuri. Dawa yake ni bitana ya ndani: bati au kadimiamu ya milimita 1 hivi, inayoimeza 75 keV na kutoa eksirei yake ya chini zaidi, kisha shaba ya milimita 1 hadi 2 inayoimeza hiyo nayo. Ukiweka shaba kwanza dhidi ya risasi na bati ndani, umepindua ngazi, na eksirei za bati zitaingia kwenye fuwele bila kizuizi.

Kilele cha mwisho, 32 keV, hakihusiani na mgongano wowote. Ni eksirei ya bari, zao la sesiamu, na inatoka kwenye chanzo chenyewe.

Juu ya 1.022 MeV

Jozi hujitambulisha kwa vilele vya kutoroka. Chukua thaliamu-208, yenye fotoni ya 2614.5 keV inayopatikana karibu kila mahali pana thoriamu. Kwenye kigunduzi cha jemaniamu utaona kilele cha 2614.5, kisha cha 2103.5, kisha cha 1592.5. Positroni imeangamia ndani ya fuwele. Fotoni moja ya 511 ikitoroka unapata kile cha kati, zote mbili zikitoroka unapata cha chini. Asiyejua huviandika kama nuklidi mbili zisizokuwepo. Kagua tofauti: ikiwa ni 511 na 1022 kamili chini ya kilele kikubwa, umepata jibu.

Kwa kinga, jambo la kuangalia ni shimo la risasi. Kwenye maji ufifishaji unashuka bila kugeuka hadi zaidi ya 20 MeV. Kwenye risasi Compton inashuka huku majozi yakipanda, na jumla yao inafika chini kabisa kati ya 3 na 4 MeV, 0.042 kwa gramu. Unene wa nusu hapo ni karibu sentimita 1.5. Ukipanda hadi 10 MeV unene huo unapungua hadi sentimita 1.2, yaani fotoni kali zaidi inazuiwa kwa urahisi zaidi.

Usifurahie mapema. Fotoni ya 10 MeV iliyozalisha jozi imekuachia elektroni na positroni zenye nishati kubwa, na hizo zikipigwa breki na viini vya risasi hutoa fotoni mpya. Fotoni hizo mpya, pamoja na zilizotawanyika, hurundikana palepale kwenye shimo la 3 hadi 4 MeV, mahali risasi inapoona kidogo. Kwa hiyo kwa ukuta mnene, unene wa nusu unaopaswa kutumia unakaribia ule wa shimo, hata kama chanzo kina 10 MeV. Vilevile kuanzia kama 7 MeV viini vya risasi huanza kuachia nyutroni, ambazo risasi haizizuii, na zege yenye hidrojeni yake inarudi kuwa na maana.

Tahadhari moja kuhusu majina. Mashine ya tiba ya 6 MV haitoi fotoni za 6 MeV zote. Hiyo 6 ni kikomo cha juu. Wastani uko karibu na 2 MeV. Ndani ya mwili hiyo ni Compton karibu tupu, na picha inayopigwa kwa boriti hiyo ina mifupa iliyofifia. Sababu ipo kwenye namba: kwa 30 keV mfupa una 1.33 kwa gramu na tishu laini 0.38, kwa kuwa kalsiamu inapigiwa Z³. Kwa 1 MeV ni 0.066 na 0.070. Kilichobaki cha kutofautisha mfupa ni msongamano wake tu.

Ukichagua

Kwa picha yenye utofauti wa mada, shuka kwenye fotoelektriki, ukikubali kwamba dozi itapanda kwa kuwa sehemu kubwa ya boriti inaishia mwilini. Kwa kukadiria msongamano bila kujali ni mada gani, kaa katikati ya eneo la Compton, ambapo gramu ni gramu. Kwa kutambua nuklidi, chagua kigunduzi chenye Z kubwa na fuwele kubwa, ili kila Compton iishie kwa kumezwa.

Kwa kinga, swali la kwanza ni nishati. Chini ya 150 keV hivi, risasi nyembamba inashinda bila ubishi, ukikumbuka lile bonde la chini ya 88 keV. Kati ya 1 na 3 MeV, uzito unaohitaji ni karibu uleule kwa mada yoyote, na unachonunua kwa kuchagua risasi ni wembamba wa ukuta na mrundikano mdogo. Nafasi ikiwepo, zege inatosha. Nafasi ikibana, ni risasi.

Aproni ya risasi ya milimita 0.5 ni mfano mzuri wa kipimo kilichohamishwa bila kuulizwa swali hilo. Kwa 60 keV inapitisha kama asilimia 6. Kwa 511 keV, nishati ya positroni zinapoangamia, inapitisha zaidi ya asilimia 90, na aliyeivaa anabeba mzigo mzito unaomchelewesha karibu na chanzo.